Sura ya Saba: Mpishi na Mpambaji Mbele ya Kamati Moja

Kuna swali ambalo wauza huduma za sherehe hapa Arusha hawaachi kuliuliza: "Nikimpeleka mteja wangu kwa mwenzangu, mimi nabaki na nini?" Mara nyingi anayeuliza ni mpishi. Kapigiwa simu na mpambaji wa kumbi, kaambiwa "tushirikiane, wewe unitaje kwa wateja wako na mimi nikutaje kwa wangu," akakubali kwa ustaarabu. Miezi sita baadaye hakuna aliyemtaja mwenzake, au ametaja mmoja tu na mwingine amenyamaza.

Jambo lenyewe tuliite kutangazana: biashara mbili zinazouza vitu tofauti kwa mtu yuleyule, kila moja ikiwajulisha wateja wake kuhusu nyingine. Chakula na mapambo ni mfano mzuri, kwa sababu hakuna sherehe inayochagua kimoja na kuacha kingine kabisa. Lakini nianze na tahadhari ambayo watu husahau. Hawa wawili hawashindani kwa kazi, ila wanashindana kwa bajeti. Fungu la kamati ni moja. Michango ikisuasua, mapambo hukatwa kwanza, na mpambaji akiwahi kuuza steji ya kifahari, ni sahani ya mpishi inayopungua nyama. Kutangazana kusikokubali ukweli huo huvunjika kwenye sherehe ya kwanza yenye michango haba.

Mteja wenu ni nani hasa

Bibi harusi si mteja wenu, na bwana harusi pia si mteja wenu. Mteja ni kamati. Sherehe nyingi za hapa, kuanzia Sakina na Njiro hadi Tengeru, Usa River na Poli, huendeshwa kwa michango. Ndugu, majirani, wafanyakazi wenza na waumini wa usharika hupewa kadi, huahidi, kisha mweka hazina na mwenyekiti hukaa nao vikao kila wiki hadi siku ifike. Vikao huanza miezi miwili au mitatu kabla. Hapo ndipo ukumbi, chakula, mapambo, mshereheshaji, muziki na picha huchaguliwa, na kila mjumbe huja na "mtu wake".

Ndiyo maana mpishi anayeingia kikaoni akiwa na bei ya kila kitu, chakula na mapambo na muziki, mara nyingi hutoka bila kazi. Amewanyima wajumbe watatu nafasi ya kuwaleta watu wao. Njia inayofaa ni kumaliza kwanza habari yako. Kubalianeni bei ya sahani, idadi ya wageni na kianzio, na risiti ya kianzio itoke. Baada ya hapo, wajumbe wakiulizana nani atapamba, mpishi aseme: "Yupo mama mmoja tumefanya naye kazi, anajua meza za chakula zinahitaji nafasi kiasi gani. Mkitaka, nitawapa namba yake mumsikilize." Hajalazimisha mtu, na ametoa sababu inayomhusu yeye kama mpishi. Sababu ya namna hiyo ina uzito kuliko sifa. Kila mjumbe humsifia mtu wake, lakini si kila mjumbe anaweza kueleza kwa nini mtu huyo atarahisisha kazi ya mwingine.

Jambo la pili kuhusu wateja wa huku ni kwamba sherehe moja huzaa nyingine ndani ya majuma machache. Ndoa moja huwa na kicheni pati, kisha sendofu inayoandaliwa na upande wa binti, kisha harusi inayoandaliwa na upande wa kijana. Hizo ni kamati tofauti, lakini wageni wanaingiliana. Wawakilishi wa kijana hukaa sendofu wakila na kutazama. Wanawake waliojaa kicheni pati ndio watakaokuwa wajumbe wa kamati mwaka ujao. Mpishi aliyepata sendofu na kumwingiza mpambaji kwenye kazi hiyo amempa nafasi ya kuonekana na kamati ya harusi kabla haijamaliza kuchagua. Faida kubwa ya kutangazana iko hapo, na ni kubwa kuliko ya picha zote za mtandaoni.

*Kwa kifupi: mtaje mwenzako baada ya kazi yako kukubaliwa, toa sababu inayotokana na kazi, na lengeni sherehe inayofuata ndani ya ndoa hiyohiyo.*

Asilimia sawa si haki sawa

Sasa tuje kwenye fedha, kwa sababu hapo ndipo urafiki mwingi umeishia. Wengi hukubaliana kamisheni, yaani malipo anayopewa aliyeleta kazi, na namba inayowajia haraka ni asilimia kumi. Inasikika kuwa ya haki kwa kuwa ni sawa kwa wote wawili. Tuipime kwa mfano wa kubuni, wenye hesabu za mviringo.

Tuseme ni harusi ya wageni 200. Mpishi anatoza shilingi 25,000 kwa sahani, jumla milioni 5. Nyama, mchele, ndizi, mafuta, gesi na mkaa, wahudumu na gari la kubebea vyombo vinakula milioni 4. Anabaki na milioni 1. Mpambaji anatoza milioni 2. Vitambaa, kava za viti, vinara na fremu za steji anavyo tayari. Gharama zake ni maua, vibarua, gari na kufua, tuseme milioni 1 na laki 1. Anabaki na laki 9. Kwa mkono, wamepata karibu sawa.

Sasa weka asilimia kumi ya bei. Mpishi akiletewa kazi na mpambaji, atatoa laki 5, nusu ya alichobakiza. Mpambaji akiletewa kazi na mpishi, atatoa laki 2, zaidi kidogo ya moja ya tano. Mpishi hatagundua siku ya kwanza. Atagundua mwezi wa tatu, na badala ya kusema ataanza kukaa kimya kikaoni. Kosa liko kwenye kuhesabu kwa bei wakati fedha ya kugawana inatoka kwenye kinachobaki.

Dawa yake ni nyepesi: wekeni kiasi kimoja kisichobadilika kwa kila kazi iliyokubaliwa na kulipiwa kianzio, tuseme laki 1 kila upande. Kwenye mfano wetu hiyo ni karibu sehemu moja ya kumi ya kinachobaki kwa kila mmoja, na hakuna aliyelazimika kumfungulia mwenzake daftari la faida. Kwa kazi ndogo, kama kicheni pati ya watu 60, kiasi kishuke au kifutwe kabisa. Wapo wanaopendelea nipe nikupe bila fedha, na hilo nalo ni sawa mradi mnahesabu, kwa sababu itakayofuata ni shida ya mizani.

Mizani huinama kwa sababu ya mpangilio wa kuchagua. Kamati nyingi zikishapata ukumbi hukimbilia chakula, kwani ndicho kinachokula fungu kubwa. Mapambo hufuata. Kwa hiyo mpishi ana nafasi nyingi za kumtaja mpambaji kuliko mpambaji alizonazo za kumtaja mpishi. Mpambaji anaitwa wakati mpishi ameshapatikana. Asipofidia kwa njia nyingine, mpishi atakuwa mtumishi wake asiyelipwa. Fidia inaweza kuwa ile laki 1, au picha, au kumtaja mpishi kwenye zile kazi ambazo mpambaji huingia wa kwanza, kama kupamba kanisa au gari la maharusi, ambako familia humwita mapema.

Usiweke cha juu

Cha juu ni kile kiasi ambacho mtu wa kati huongeza kwenye bei bila mteja kujua. Mpambaji anasema milioni 2, mpishi anaiambia kamati milioni 2 na laki 3, ile laki 3 inaingia mfukoni mwake. Wapo watakaokuambia kila mtu anafanya hivyo.

Mimi nasema usifanye, na sababu yangu haina mahubiri ndani yake. Wajumbe wa kamati Arusha ni walewale. Mwenyekiti wa kamati ya Moshono mwezi huu ni mjumbe wa kamati ya Kijenge mwezi ujao, na anatunza makaratasi ya bei. Siku akimpigia mpambaji moja kwa moja na kutajiwa milioni 2 kwa kazi ileile, nyote wawili mmekwisha, na aliyekwisha zaidi ni yule ambaye hakujua kwamba bei yake iliongezwa. Kanuni iwe moja: bei ya mpambaji ni ileile, aje mteja kupitia kwa mpishi au atoke barabarani. Kamisheni inatoka ndani ya bei hiyo, na kamati ikiuliza kama mnalipana, jibu ni ndiyo.

Hapo hapo kuna habari ya nani apokee fedha. Kamati hupenda kulipa sehemu moja, na mpishi hushawishika kupokea zote na kumgawia mpambaji. Kabla hajakubali afanye hesabu. Mauzo yanayopita kwenye namba yake ya malipo na mashine yake ya risiti, ile ya EFD, ni mauzo yake. Tangu mwaka wa fedha 2023/24, Tanzania Bara inamtaka mfanyabiashara ajisajili kwenye Kodi ya Ongezeko la Thamani mauzo yake ya miezi 12 yakizidi shilingi milioni 200. Mpishi wetu akifanya harusi 30 kwa mwaka kwa milioni 5 kila moja, ana mauzo ya milioni 150. Akipokea na fedha za mapambo, milioni 2 mara 30, anafika milioni 210. Amevuka mstari kwa fedha ambayo si yake. Kila mmoja apokee chake na atoe risiti yake.

Siku yenyewe: meza, madoa na muda

Mnapotajana, mnakopeshana jina. Pilau ikichelewa, mgeni hasemi mpishi alichelewa, anasema sherehe ilikuwa mbovu, na steji nzuri inasahaulika nayo. Kwa hiyo kabla ya kumtaja mtu yeyote, nenda ukaone kazi yake mara mbili: anapopanga na anapobomoa. Anayepanga vizuri lakini akaacha ukumbi na mabaki ya maua na nta hadi asubuhi atakugombanisha na meneja wa ukumbi ambaye utamhitaji kesho. Kazi ya kwanza ya pamoja iwe ndogo, kicheni pati au kipaimara cha nyumbani.

Mengine yanayogombanisha wapishi na wapambaji ni madogo mno kiasi kwamba hakuna anayeyaandika. Mpambaji hutaka meza za duara zijae hadi ukutani, na mpishi anahitaji njia ya wahudumu kupita na masinia, na foleni mbili za bafe badala ya moja ili wageni 200 wasisimame saa nzima. Vitambaa vyeupe ni vya mpambaji lakini mchuzi uliovichafua ni wa mpishi, na doa la manjano kwenye satini halitoki kwa kufua mara moja. Mpambaji hupenda kuanza usiku wa kuamkia sherehe, na mpishi huja mchana na majiko akikuta maua mahali alipotaka kuweka vyombo vya kupashia chakula.

Miteremko ya Meru ina yake pia. Juni na Julai baridi ya Nkoaranga au Ilboru jioni hupoza wali kwenye sahani kabla mgeni hajaketi, hasa chini ya turubai lililo wazi pembeni. Mpishi atataka turubai lifungwe upande wa upepo, na mpambaji atataka liwe wazi ili picha zipate mwanga. Wakati wa masika, gari la mapambo likikwama kwenye tope la barabara ya kijijini, na la chakula halipiti.

Haya yote huisha mkiandika karatasi moja na kuisaini wote wawili. Iwe na mambo haya tu:

- Ukumbi unafunguliwa saa ngapi, nani anaingia kwanza, na mapambo yanakamilika saa ngapi.
- Mchoro wa meza, ukionyesha foleni za bafe na njia ya wahudumu.
- Nani analipia kufua vitambaa, na kitambaa kilichoharibika kinalipwa kiasi gani.
- Kiasi cha kulipana kwa kazi iliyoletwa, na siku ya kulipana.
- Mmoja akipata dharura, atatoa taarifa siku ngapi kabla, na nani atamtafuta mbadala.

Kabla hata ya karatasi hiyo, ulizeni ukumbi. Baadhi ya kumbi na hoteli za hapa huuza ukumbi pamoja na chakula chake na haziruhusu mpishi wa nje, na nyingine humtoza mpambaji wa nje ada. Kumtangaza mwenzako kwa kamati iliyokwishalipia ukumbi wa namna hiyo ni kuwapotezea muda wote.

Picha moja, kurasa mbili

Picha inayouza biashara zote mbili ni ile yenye meza iliyopambwa na chakula kikiwa juu yake, vyote vikiwa safi. Karibu hakuna anayeipata. Mpambaji hupiga picha ukumbi ukiwa mtupu, mpishi hupiga masufuria akiwa jikoni. Kuipata kunahitaji kupanga dakika kumi: wageni hawajaingia, taa zimewashwa, mpishi analeta meza moja kamili, ndafu ikiwa imesimama na majani mdomoni kama ipo, kila mmoja anapiga, kisha chakula kinarudi kwenye moto.

Instagram inaruhusu chapisho moja lionekane kwenye kurasa mbili kwa pamoja, ukimwalika mwenzako kuwa mshiriki wa chapisho naye akakubali. Ni bora kuliko kumtaja tu kwenye maneno ya chini, kwa sababu wafuasi wa kila mmoja wanaliona kama la ukurasa wanaoufuata.

Jambo moja msilifanye: kubadilishana orodha ya namba za wateja. Mpishi ana simu za wenyeviti wa kamati wengi, na mpambaji angependa awatumie ujumbe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazilinda taarifa za mtu zisitolewe kwa matumizi ambayo hakukubali, na alikupa namba kwa ajili ya chakula. Tumia mwenyewe namba ulizonazo kumtaja mwenzako, au mwombe mteja ruhusa kwanza. Hali kadhalika picha zenye sura za maharusi: ombeni ruhusa, na iandikwe kwenye mkataba wa kazi.

Utajuaje kama inafanya kazi

Kumbukumbu ya kichwani huwa na upendeleo. Kila mtu hukumbuka wateja aliowapeleka na husahau walioletwa kwake. Njia rahisi ni kiungo cha WhatsApp chenye ujumbe ulioandikwa tayari. Mpishi anakitumia kila anapomtaja mpambaji, na mteja akikigusa, ujumbe unaomfikia mpambaji unasema umetoka wapi:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Nimetoka%20kwa%20mpishi
```

Weka namba ya mpambaji, ukianza na 255 bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mwanzo. Mpambaji atengeneze cha kwake kinachoelekea kwa mpishi. Kwa wanaopiga simu, swali la kwanza liwe "umetupataje?" na jibu liingie daftarini siku hiyohiyo.

Kila miezi mitatu kaeni na madaftari mawili na kuangalia namba tatu: wangapi walitumwa, wangapi walipiga simu, wangapi walilipa kianzio. Wakitumwa wengi na kupiga wachache, anayetaja hataji vizuri, labda anatoa namba tu bila sababu. Wakipiga wengi na kulipa wachache, tatizo liko kwa anayepokea: bei yake haiwiani na wateja wa mwenzake. Mpishi wa sahani ya 12,000 na mpambaji wa steji ya milioni 6 wanaweza kupendana sana, lakini wateja wao hawakutani.

Mipaka ya ushirikiano huu

Usitegemee ushirikiano huu ukujazie miezi mibaya. Biashara zote mbili zinafuata kalenda moja. Makanisa mengi hayafungi ndoa wakati wa Kwaresma, na Waislamu hawafanyi karamu za mchana wakati wa Ramadhani. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi na Jumatano ya Majivu ikaangukia tarehe 5 Machi, masika nayo yakiwa njiani. Wote wawili walikaa nyumbani kwa pamoja. Kwa miezi hiyo mpishi hutazama upande wa mikutano, kwani Arusha ni mji wa mikutano, yenye chai ya saa nne na chakula cha mchana kwa wajumbe wa semina. Lakini semina haihitaji steji wala maua mengi, hivyo mpambaji hapati kitu hapo, na ni afadhali aambiwe mapema kuliko kusubiri atajwe. Yeye atafute mwenza mwingine wa msimu huo.

Desemba ni kinyume chake. Watu wanarudi nyumbani, kipaimara na harusi vinarundikana kwenye Jumamosi chache, na kila mmoja wenu atakuwa na kazi mbili siku moja. Kumtaja mwenzako ambaye tayari ameshajaa ni kumwaibisha. Kamati za Desemba huanza vikao Septemba. Karatasi yenu, pamoja na orodha ya Jumamosi ambazo kila mmoja bado yuko wazi, iwe imeandikwa kabla ya mwisho wa Agosti.